Mwongozo Kamili: Kuchambua Wimbo wa Kazi wa Mwaloni kama Ushairi Simulizi

Chambuzi nyingi za nyimbo za kazi huanguka mahali pamoja. Mwandishi hunakili maneno ya wimbo, huyahesabia mizani, hutaja kwamba "kuna takriri", yaani marudio, huandika kwamba dhima yake ni "kuburudisha na kuhamasisha", kisha hufunga kwa kusema hadhira yake ni "wafanyakazi". Hakuna kosa la wazi katika maelezo hayo, lakini yangeweza kuandikwa kuhusu wimbo wowote ule, hata na mtu ambaye hajawahi kuusikia. Mwongozo huu unashughulikia kazi moja tu, yaani wimbo wa kuvuta mtumbwi kutoka majini kwenda nchi kavu kwenye mwalo, mahali mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, na unaonyesha jinsi ya kufika kwenye uchambuzi unaouhusu wimbo huo wenyewe. Bembelezi, yaani wimbo wa kumlaza mtoto, itaingia karibu na mwisho kwa ufupi, kwa sababu suala la hadhira huonekana vizuri zaidi zinapowekwa pamoja.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kwenda

Simu yenye uwezo wa kurekodi sauti inatosha, ilimradi iwe na chaji na nafasi ya kutosha, na iwekwe katika hali isiyopokea simu ili kurekodi kusikatike. Chukua pia daftari, kalamu mbili na kipande cha kitambaa chepesi cha kufunika kipaza sauti cha simu dhidi ya upepo. Mkifika wawili itakuwa bora zaidi: mmoja ashughulikie sauti, mwingine aandike yanayoonekana kwa macho.

Kinachosahaulika mara nyingi ni ruhusa. Jitambulishe kwa uongozi wa mwalo, kisha kwa mwenye mtumbwi, na mwisho kwa wavutaji wenyewe, hasa yule anayeongoza wimbo. Waeleze mapema kwamba unarekodi na kwamba unaweza kuzima mashine wakitaka. Nyimbo hizi huwa na maneno ya kuwasema watu waliopo, na mvutaji ana haki ya kujua kwamba maneno yake yatasikika mahali pengine.

## Hatua ya 1: Chagua tukio, usichague wimbo

Usianze kwa kumwomba mtu "akuimbie wimbo wa kuvuta mtumbwi" akiwa amekaa kwenye kiti. Atakuimbia, na utapata maneno, lakini utakuwa umepata wimbo ulioondolewa kazi yake. Mwimbaji aliyekaa hana pumzi inayokatika, hana gogo linalokwama na hana wenzake wa kumwitikia, kwa hiyo atafupisha kiitikio na kuziunganisha beti zilizo bora. Takriri, ambayo ndiyo uliyoifuata, itakuwa imepunguzwa kwa hisani ya kutokuchosha.

Tafuta basi siku ambayo mtumbwi utavutwa kweli. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Viktoria huwavuta samaki hao kwa mwanga wa taa usiku, na kwa hiyo siku za mbalamwezi kazi hupungua sana, kwa kuwa mwanga wa taa hushindana na wa mwezi. Hizo ndizo siku ambazo mitumbwi mingi hupandishwa mchangani ili izibwe nyufa kwa kalafati na kupakwa rangi. Ukiuliza kwenye mialo kama Igombe au Kayenze wiki moja kabla ya mwezi kuwa mpevu, utaelekezwa. Nenda asubuhi, kwa sababu mchana upepo wa ziwani huelekea nchi kavu na huharibu sauti.

Utajua umefanikiwa iwapo unaweza kuandika sentensi moja inayotaja nani walivuta nini, wapi, saa ngapi na kwa sababu gani. Uchambuzi wako wote utauhusu utendaji huo mmoja. Siku nyingine, wavutaji wengine wataimba vingine, na hilo halitakuwa kosa la mtu yeyote.

## Hatua ya 2: Rekodi kabla ya wimbo na baada yake

Washa mashine watu wanapopanga magogo ya kuteleza chini ya mtumbwi na kugawana kamba, na usiizime hadi watakapotawanyika. Mazungumzo ya kabla yatakuonyesha aliyekubalika kuwa kiongozi na jinsi alivyokubalika. Kicheko cha baada yake kitakuonyesha ni mstari upi uliomchoma mtu.

Simama ubavuni mwa mtumbwi, si mbele ya wavutaji. Mbele kuna hatari kamba ikikatika, na pia utakuwa umejigeuza kuwa mtazamaji ambaye kiongozi anamwona kila anapoinua uso.

## Hatua ya 3: Uandike wimbo katika safu tatu

Hapa ndipo chambuzi nyingi huharibika bila mwenyewe kujua. Akiisha kurudi nyumbani, mwandishi huyaandika maneno kama shairi la kitabuni, mistari ya kiongozi peke yake, na kiitikio hukiandika mara moja tu chini kikiwa na alama ya "x10". Kwa kufanya hivyo amefuta ushahidi wake mwenyewe. Kiitikio kilichoimbwa mara kumi na moja kiandikwe mara kumi na moja, kila kimoja mahali pake, kwa kuwa huenda cha saba kilikuwa kirefu zaidi, au cha mwisho kiliongezwa neno.

Tumia safu ya sauti ya kiongozi, safu ya sauti ya wote, na safu ya tendo lililoonekana. Kama wimbo uliimbwa kwa Kisukuma, Kikerewe au Kijita, andika kwanza maneno ya lugha hiyo kama yalivyosikika, kisha weka maana ya Kiswahili chini ya kila mstari. Usitupe maneno ya asili, kwa sababu takriri ya sauti hubaki katika lugha ya asili na hupotea katika tafsiri.

Wimbo ufuatao nimeutunga mwenyewe kwa ajili ya mwongozo huu, nikifuata umbo la kuita na kuitikia la nyimbo za namna hii. Nimefanya hivyo kwa makusudi, ili msomaji ajifunze njia kisha akatafute wimbo wake badala ya kunakili wangu.

| Kiongozi | Wote | Tendo |
|---|---|---|
| Mtumbwi wa nani? | Heya! | wanashika kamba, hawajavuta |
| Mtumbwi wa tajiri. | Heya! | kamba inakazwa |
| Tajiri yu wapi? | Heya! | mvuto wa kwanza |
| Tajiri yu Mwanza. | Heya! | mvuto |
| Akala minofu. | Heya! | mvuto |
| Sisi twala panki. | Heya! | mvuto, kicheko |
| Panki na miiba. | Heya, vuta! | mvuto mkubwa, kisha wanapumzika |
| Gogo limekwama. | Heya! | hakuna mvuto, wanatazama chini |
| Gogo la kulia. | Heya! | wawili wanaachia kamba |
| Kulia inua. | Heya! | wawili wanainua ubavu |
| Kulia, kulia. | Heya, vuta! | mvuto mkubwa |

Maneno mawili yanahitaji maelezo kwa msomaji wa mbali. Kwenye mialo ya ziwa hili, tajiri ni mwenye mtumbwi na nyavu, hata kama hana mali nyingine ya kutajwa. Panki, au mapanki, ni mfupa wa sangara pamoja na kichwa chake, unaobaki baada ya viwanda kutoa minofu ya kuuzwa nje ya nchi.

Utajua umefanikiwa iwapo mtu ambaye hakuwapo anaweza kusoma safu ya tatu peke yake na kuelewa kazi ilivyoendelea. Safu hiyo ikiwa tupu, rudi kwa mwenzako aliyekuwa akiandika, au urudi mwaloni. Hakuna hatua inayofuata itakayowezekana bila hiyo.

## Hatua ya 4: Takriri, na kazi inayofanywa na kila moja

Kwanza, weka kando kuhesabu mizani. Katika wimbo huu mistari karibu yote ina mizani sita, lakini "Mtumbwi wa tajiri" una saba. Aliyezoea mashairi ya kuandikwa atasema hapo mizani imeharibika. Hakuna kilichoharibika, kwa sababu kipimo cha wimbo wa kazi ni mwendo wa mvuto, na kiongozi hubana silabi saba ndani ya muda ule ule ili "Heya" ianguke mahali pake. Ukisikiliza mlio badala ya kutazama maandishi utagundua kwamba umbali kati ya "Heya" moja na nyingine haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana, mpaka gogo linapokwama.

Sasa zitenganishe takriri zilizomo, kwa kuwa ziko za namna tatu na kazi zake ni tofauti.

Ya kwanza ni kiitikio. "Heya" haina maana ya kamusi, na wengi huliandika kama neno la kujaza nafasi. Lifanyie jaribio rahisi: liondoe, au weka jingine mahali pake, kisha ujiulize kazi ingekuwaje. Jaribu "Ndiyo". Maana ingekuwa kubwa zaidi, maana wote wangekuwa wanayakubali maneno ya kiongozi, lakini mvuto ungeharibika. Silabi ya mwisho ya "Heya" huishia kwa irabu a iliyo wazi, inayoweza kurefushwa kadiri mvuto unavyodumu huku pumzi ikitoka, na silabi ya kwanza inatoa onyo kwa mikono kwamba mvuto unakuja. Ni neno lenye sehemu ya kujiandaa na sehemu ya kuvuta. Ndiyo maana limerudiwa kila mstari, na ndiyo maana halibebi habari: mtu anayevuta kwa nguvu zake zote hawezi kupewa maneno mapya ya kukumbuka.

Angalia vilevile mahali kiitikio kinapobadilika kuwa "Heya, vuta!". Kimetokea mara mbili tu, na kila mara safu ya tatu inaonyesha mvuto mkubwa. Wavutaji walijuaje waongeze neno? Hapa maandishi hayatakujibu, urudie sauti uliyorekodi. Kwa kawaida utasikia kiongozi amepandisha au amerefusha sauti katika mstari wake, na hiyo ndiyo ishara. Takriri inapovunjwa, uliza kwanza ni nani aliyetoa idhini ya kuivunja.

Namna ya pili ni takriri ya kuunganisha, ambapo neno la mwisho la mstari, au lililo zito ndani yake, huanzisha mstari unaofuata: tajiri, kisha "Tajiri yu wapi", panki, kisha "Panki na miiba", gogo, kisha "Gogo la kulia". Washairi wa kuandika wanalo umbo linalofanana na hili, wanaloliita pindu au mkufu, nao hulitumia kama pambo na kipimo cha ufundi. Kwa kiongozi wa mvuto umbo hili linampa muda. Anatunga akiwa anavuta, na mstari ujao anatakiwa kuutoa mara tu "Heya" inapokwisha. Akianza na neno ambalo tayari limo kinywani, anapata nafasi ya kutafuta yatakayofuata. Ushahidi wake upo mahali anaposhindwa: sikiliza pale kiongozi anaporudia mstari mzima bila kuubadilisha, na mara nyingi utakuta tendo lililo kando yake linaonyesha kwamba alikuwa amebanwa na kazi.

Namna ya tatu ni kurudia umbo la sentensi huku maneno yakigeuka. "Akala minofu" na "Sisi twala panki" zina kitendo kimoja, mlaji tofauti na chakula tofauti. Uzito wote wa kejeli umekaa kwenye kile kilichobadilika. Kwa sababu masikio yamekwisha kuzoea umbo, badiliko dogo husikika kwa nguvu, na ndiyo maana kicheko kimeandikwa pale katika safu ya tatu na si mahali pengine.

Onyo. Usiandike "takriri imetumika kusisitiza". Kusisitiza ni jibu linalotolewa pale ambapo swali halijaulizwa. Kwa kila takriri andika ingepotea nini kama isingekuwapo: mwendo, muda wa kutunga, au kicheko. Kama huwezi kusema kilichopotea, huenda umeiona kwa macho tu na haikufanya kazi yoyote katika tukio hilo.

Utajua umefanikiwa iwapo unaweza kuelekeza kidole kwenye safu ya tatu kwa kila dai utakalotoa kuhusu safu mbili za mwanzo.

## Hatua ya 5: Dhima, na jinsi inavyohama ndani ya wimbo mmoja

Vitabu vya fasihi simulizi huainisha nyimbo za kazi kwa majina, kwa mfano wawe kwa nyimbo za kilimo na kimai kwa nyimbo za wavuvi na mabaharia. Jina ni la kukusaidia kupanga kabati lako, halikupi dhima. Wimbo wetu ni wa wavuvi, lakini umeimbwa nchi kavu, hakuna samaki anayevuliwa, na sehemu yake kubwa inazungumzia mgawanyo wa chakula.

Pitia mstari kwa mstari ukiuliza: mstari huu unafanya nini kwa mtumbwi, na unafanya nini kwa watu? Katika sehemu ya kwanza majibu ni mawili kwa wakati mmoja. "Heya" inausogeza mtumbwi, na mistari ya kiongozi inazungumza na watu kuhusu tajiri. Ukiishia hapo utavutiwa kutoa kanuni kwamba kinachorudiwa hufanya kazi na kinachobadilika huzungumza. Ni kanuni nzuri ya kuanzia, na mimi huitumia kama dhana ya kwanza kila ninaposikiliza wimbo mpya.

Lakini sehemu ya pili inaikataa. "Gogo limekwama, gogo la kulia, kulia inua" ni mistari inayobadilika, na kila mmoja unafanya kazi: unatoa taarifa, unaonyesha mahali, unatoa amri. Kejeli imeachwa kabisa. Wanaosoma maneno bila safu ya tendo huandika kwamba katika ubeti wa pili "mshairi anatumia gogo kama ishara ya vikwazo vya maisha". Gogo lilikuwa gogo, na lilikuwa limekwama.

Hivyo dhima imehama katikati, kutoka kuratibu na kumsema tajiri hadi kuratibu na kuelekeza. Wimbo umeweza kubeba vyote kwa sababu umbo lake la kuita na kuitikia halikubadilika, na kiongozi hakuhitaji kusimamisha kazi ili atoe amri.

Dhima huweza pia kuhama mahali wimbo unapohamishwa. Bugobogobo ya Wasukuma ni ngoma ya walimaji, na majembe huchezewa pamoja na ngoma kubwa. Ikichezwa uwanjani Bujora, Kisesa, wakati wa sikukuu ya Bulabo mwezi Juni, majembe yapo lakini hakuna tuta linalolimwa. Huko makundi hushindana, na kwa desturi ya mashindano ya Usukuma kundi linalovuta watu wengi zaidi upande wake ndilo lililoshinda. Takriri iliyokuwa ikipanga mapigo ya jembe sasa inalishikilia kundi la watazamaji lisihame. Ukiuchambua wimbo uliorekodiwa uwanjani kana kwamba uliimbwa shambani, dhima yote utakayoandika itakuwa ya kubuni.

Onyo kuhusu umri wa wimbo. Wachambuzi hupenda kuandika kwamba wimbo ni "wa tangu enzi za mababu". Maneno yenyewe mara nyingi hukanusha. Sangara alipandikizwa katika Ziwa Viktoria kuanzia miaka ya 1950, na biashara ya minofu yake viwandani Mwanza ilishamiri miaka ya 1990. Mstari unaotaja panki kama chakula cha wanyonge hauwezi kuwa wa mababu. Inawezekana kiitikio ni cha zamani sana na mstari ni wa juzi, na hilo linafaa kuandikwa hivyo.

## Hatua ya 6: Hadhira, kwa kuuliza nani angekasirika

Jibu la kwamba hadhira ni wavutaji haliwezi kutosha, kwa sababu wavutaji ndio wanaoimba. Katika wimbo wa kuitikizana fanani, yaani anayeimba, na hadhira ni watu wale wale wanaobadilishana nafasi kila baada ya sekunde chache. Anza na hilo, kisha utoke nje ya kamba.

Chora mchoro mdogo wa mahali watu walipokuwa: wavutaji kwenye kamba, fundi wa mtumbwi akisubiri na kalafati yake, wanawake wanaoanika dagaa mchangani hatua chache kando, watoto, tajiri au msimamizi wake, na wewe mwenye simu. Kwa kila mmoja uliza maswali mawili: je, alisikia maneno? Na je, kuna mstari ambao angeukasirikia au kuuchekea kuliko wengine?

Kwa maswali hayo "Tajiri yu Mwanza" hupata maana mbili. Kama tajiri kweli yuko mjini, mstari ni malalamiko kati ya wenzi. Kama tajiri amesimama pale pale akitazama, basi mstari ni uongo ambao wote wanaujua, na ndio unaowawezesha kumsema mbele ya uso wake bila mtu yeyote kuwa amemsema. Naye akicheka, ameshindwa kukasirika. Akikasirika, atakuwa amekiri kwamba ni yeye. Wimbo wa kazi huwapa wavuvi ruhusa ambayo mazungumzo hayawapi, na ruhusa hiyo hudumu kamba inapokuwa mkononi. Jambo hili haliwezi kujulikana kutokana na maneno. Linajulikana kwa kuandika tajiri alikuwa wapi.

Jihesabu na wewe. Kiongozi akigundua kuwa kuna anayerekodi, anaweza kuongeza mstari wa kumsifu mgeni, kuacha mistari mikali, au kinyume chake kuukoleza wimbo kwa kuwa amepata wa kumpelekea tajiri habari. Andika dakika ambayo simu yako ilionekana, na uangalie kama maneno yaligeuka baada ya hapo.

### Bembelezi kama kipimo cha hatua hii

Chukua mistari hii minne, nayo ni ya kutunga: "Lala mtoto lala, mama kaenda dagaa, lala mtoto lala, baba yuko kisiwani." Mtoto wa miezi minne hajui dagaa wala kisiwa. Kwake wimbo ni mwendo wa mgongo, joto na "lala" inayorudi kwa sauti inayozidi kushuka. Ukimsikiliza mlezi hadi mwisho utagundua kwamba mistari ya habari huisha kwanza, kisha hubaki "lala" peke yake, kisha mguno bila neno. Takriri imebaki mpaka kazi ilipokamilika.

Basi "baba yuko kisiwani" aliambiwa nani? Huenda ni bibi wa mtoto aliyekaa mlangoni, huenda ni jirani, huenda ni mlezi anajiambia mwenyewe kuhusu mume aliyehamia kambi ya uvuvi na hajatuma chochote. Kama mwimbaji ni dada mdogo aliyeachiwa mtoto, mstari wa mama huwa mzito kuliko wa baba. Uliza aliyekuwapo, umri wa mlezi na uhusiano wake na mtoto. Bila majibu hayo usiandike kuhusu hadhira ya pili, andika tu kwamba mistari hiyo haikuelekezwa kwa mtoto.

## Hatua ya 7: Kuandika uchambuzi wenyewe

Anza na sentensi ya tukio kutoka hatua ya kwanza, weka wimbo ukiwa na safu zake tatu, kisha andika dai moja tu la msingi. Dai lililo zuri huunganisha takriri, dhima na hadhira katika sentensi moja inayoweza kupingwa. Mfano wa aya ya mwanzo:

"Katika uvutaji huu, kiitikio 'Heya' kilipanga mvuto na kwa hiyo hakikubadilika isipokuwa pale nguvu zote zilipohitajika. Uthabiti huo ulimwacha kiongozi huru kuibadilisha mistari yake, kwanza kumkejeli tajiri aliyekuwa akitazama, kisha, gogo lilipokwama, kuwaelekeza wavutaji. Kejeli iliachwa mara tu kazi ilipokuwa ngumu na haikurudi, jambo linaloonyesha kwamba katika tukio hili kumsema tajiri kulikuwa ni matumizi ya nafasi iliyoachwa na kazi, na hakukuwa lengo la wimbo."

Aya hiyo inaweza kupingwa. Mtu anaweza kusema kwamba kejeli haikurudi kwa sababu tajiri aliondoka. Utajibu kwa safu ya tatu na mchoro wako, na kama hukuandika aliondoka saa ngapi, itakubidi ulegeze dai.

Kabla ya kukabidhi kazi, irudishe kwa kiongozi wa wimbo na umsomee mambo mawili: mistari kama ulivyoisikia, na dai lako. Makosa ya kusikia atayasahihisha papo hapo, nawe uyakubali. Dai akilikataa, mathalani akisema hapakuwa na kejeli yoyote na kwamba walikuwa wakitania tu, usilifute na usimpuuze. Andika maelezo yake pamoja na yako, na uonyeshe kicheko kilitokea katika mstari upi. Aliyekuwa ameshika kamba ana sababu zake za kusema ulikuwa utani, hasa kama kesho atavua kwa mtumbwi ule ule.